Asubuhi ya mtihani: anza kwenye kiti, hesabu kurudi nyuma hadi kitandani

Watahiniwa wengi hupanga asubuhi ya mtihani kuanzia kitandani: nitaamka mapema, nitakula kidogo, nitatoka. Mpango wa namna hiyo haukwambii umechelewa mpaka uwe umeshachelewa, kwa kuwa hakuna saa hata moja ndani yake inayobanwa na nyingine. Afadhali uanzie pale ambapo karatasi inafunguliwa, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uipate saa ya kuamka. Ukifanya hivyo, saa ya kuamka haitakuwa ya kukisia.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mtihani ni wa Hisabati, unaanza saa 3:00 asubuhi na kwisha saa 6:00 mchana. Milango ya ukumbi inafunguliwa saa 2:30. Mtahiniwa anaishi mbali: siku ya kawaida safari humchukua dakika 45, na siku ya foleni dakika 70.

Hatua ya kwanza: isome kadi ya mtihani kama mkataba

Fanya hivi angalau wiki moja kabla. Tafuta mambo manne na uyaandike kwenye karatasi moja: saa ya kuanza, saa ya mwisho ya kuruhusiwa kuingia, jina kamili la jengo na chumba, na vifaa vinavyoruhusiwa. Kadi nyingi huandika saa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 09:00 ni saa tatu asubuhi na 14:00 ni saa nane mchana. Andika pembeni kwa namna unayoisoma wewe kila siku, maana kosa la hapa halirekebishiki asubuhi yenyewe.

Linganisha pia jina lililo kwenye kadi na lililo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Jina la kati likikosekana au herufi mbili zikipishana, msimamizi anaweza kukuweka kando mlangoni mpaka athibitishe wewe ni nani. Ofisi inayohusika inaweza kulimaliza jambo hilo siku za kazi. Saa 2:40 asubuhi hakuna wa kulimaliza.

Hatua ya pili: hesabu kurudi nyuma

Karatasi inafunguliwa saa 3:00. Ili uingie bila kusukumana na upate muda wa kwenda msalani, uwe umefika getini saa 2:00, nusu saa kabla ya milango kufunguliwa. Kwa safari usitumie muda wa kawaida, tumia wa siku mbaya: dakika 70. Ukizitoa kwenye saa 2:00 unapata saa 12:50 asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya kutoka, maana yake mguu uko nje ya mlango, si bado unatafuta viatu.

Nyumbani unahitaji dakika 80: 25 za kuamka, kunywa maji na kuoga, 20 za kula bila haraka, 20 za kupasha akili moto, na 15 za kuvaa na kukagua mfuko. Kwa hiyo kengele inalia saa 11:30 alfajiri. Anayehitaji saa saba na nusu za usingizi anapaswa awe amelala saa 4:00 usiku.

Hapo ndipo wengi wanagundua kwamba kuamka saa 11:30 si desturi yao. Mwili haukubali amri ya usiku mmoja. Ukienda kitandani saa mbili kabla ya wakati wako wa kawaida, utakodolea dari macho. Sogeza saa ya kuamka dakika 20 hadi 30 kila siku kwa siku nne au tano zinazotangulia. Usingizi wa mapema utafuata wenyewe. Na kama usiku wa mwisho usingizi utakuja kwa shida, usianze kuhesabu saa zilizobaki. Usiku mmoja mbaya baada ya wiki ya kulala vizuri hauwezi kufuta ulichosoma. Baki umelala, taa imezimwa, simu iko mbali na mkono.

Kuna sababu ya kuacha saa tatu na nusu kati ya kengele na karatasi. Mtu anapoamka, akili hubaki nzito kwa muda. Mara nyingi ni dakika 15 hadi 30, na hukaribia saa nzima kwa aliyekurupushwa kutoka usingizi mzito. Aliyeamka na kukimbilia ukumbini huumalizia uzito huo kwenye swali la kwanza.

Hatua ya tatu: safari, na saa ya kubadili uamuzi

Ijaribu njia siku moja kabla ya wiki ya mtihani, saa ile ile na siku ya kazi kama ile ile. Jaribio la Jumapili mchana halikufundishi chochote kuhusu Jumatatu asubuhi. Usiishie getini. Ingia mpaka uuone mlango wa chumba, ujue msala uko wapi, na upime dakika za kutembea kutoka getini hadi hapo. Ramani ya simu hukufikisha kwenye geti kuu tu, na katika eneo kubwa chumba kinaweza kuwa umbali wa dakika kumi za kutembea, ambazo hukuziweka kwenye hesabu.

Kila safari ina kipande kimoja kisicho na mbadala: daraja moja, basi moja linalopita kila nusu saa, au mtu mmoja aliyeahidi kukupeleka kwa gari lake. Kijue kipande chako, kisha tafuta njia ya pili isiyokipitia. Basi lenu moja likiwa ndilo tatizo, basi jingine la kampuni hiyo hiyo kwenye barabara hiyo hiyo si njia ya pili.

Halafu weka saa ya kubadili uamuzi, na uiweke jana yake ukiwa umetulia. Katika mfano wetu: anatoka saa 12:50, yuko kituoni saa 12:55. Basi lisipofika saa 1:10, anakodi gari, bila kujadiliana na nafsi. Nauli ya dharura iko tayari mfukoni, imetengwa na pesa nyingine, na namba ya dereva imeandikwa pia kwenye karatasi. Wanaochelewa mara nyingi walikuwa na njia ya pili vizuri tu. Walichokosa ni saa ya kuitumia. Wakasubiri dakika tano, kisha tano nyingine, mpaka njia ya pili nayo ikawa haitoshi.

Hatua ya nne: mfuko unafungwa usiku

Asubuhi si wakati wa kukusanya vitu, ni wakati wa kukagua tu. Tumia mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, maana vyumba vingi vya mtihani havikubali mwingine. Weka kalamu tatu za wino wa rangi iliyoruhusiwa, zote zimeshaandika ukurasa mmoja au zaidi: kalamu mpya kabisa wakati mwingine hukataa kutoa wino, na iliyokaribia kwisha haikuonyi. Weka penseli mbili za HB zilizochongwa, kichongeo, raba, rula, na seti ya vyombo vya jiometri kama somo linadai. Kadi na kitambulisho vikae mfuko huo huo. Chupa ya maji iwe haina lebo, maana lebo ni karatasi yenye maandishi na msimamizi anaweza kuidai.

Kikokotoo kinastahili dakika tano peke yake. Kwanza betri: badilisha ikiwa namba zimeanza kufifia, na ukiwa na kikokotoo cha jua, kijaribu ukiwa kivulini. Pili, na hili huwaponza hata wanaojua somo sawasawa, angalia kipimo cha pembe. Andika sin 30 na ubonyeze alama ya sawasawa. Jibu likiwa 0.5, uko kwenye digrii. Likiwa −0.988, uko kwenye radiani. Likiwa 0.454, uko kwenye kipimo cha tatu, kile kinachogawa duara katika sehemu 400, ambacho mtihani wa shule karibu hauhitaji kabisa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba kikokotoo hakilalamiki. Kinakupa jibu lenye desimali nzuri, nawe unaendelea nalo mpaka mwisho wa swali. Rudia jaribio hilo baada ya kukaa kwenye kiti pia, kwa sababu wasimamizi wengine hudai kumbukumbu ya kikokotoo ifutwe mlangoni, na kufuta huko kunaweza kurudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani.

Saa ya mkononi iwe ya mishale au ya namba tu, isiyolia. Saa janja iache nyumbani. Kuhusu simu, kuiweka kimya hakutoshi: kengele ya kuamsha hulia hata simu ikiwa kimya, na zipo simu zinazojiwasha zenyewe kengele inapofika. Ulipoamka saa 11:30 huenda ulibonyeza kuahirisha, na huenda kuna kengele nyingine uliyoweka ya saa 3:15 ya siku za kawaida. Zifute zote kabla ya kutoka, ndipo uizime. Simu inayolia ndani ya begi mwishoni mwa ukumbi inaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu hata kama hukuigusa.

Jambo jingine dogo: usiandike chochote kwenye kadi ya mtihani, kwenye rula wala kwenye kiganja, hata namba ya basi. Msimamizi akikuta tarakimu kwenye kiganja hana namna ya kujua kuwa ni namba ya basi.

Hatua ya tano: chakula chepesi, kilichozoeleka

Tumbo linapaswa kuwa na kitu, lakini lisiwe na kazi kubwa. Kiasi kinachowatosha wengi ni vipande viwili vya mkate, yai moja na ndizi moja, au bakuli dogo la uji na kitu chenye protini kidogo. Wanga hutoa nishati, protini huifanya shibe ikae. Punguza mafuta mengi, kwani hukaa tumboni muda mrefu na kuleta uzito. Vitu vitamu peke yake navyo havifai: baada ya saa moja au mbili wapo wanaohisi wamelegea na njaa imerudi, na hapo ndipo maswali magumu yanapoanza.

Wakati mzuri wa kula ni saa moja na nusu hadi mbili kabla ya karatasi. Kwa mtahiniwa wetu hilo haliwezekani, kwa kuwa anakula saa 11:55 alfajiri, saa tatu na dakika tano kabla ya kuanza, na atabaki ukumbini saa tatu nyingine. Dawa yake ni kugawa mlo: mkate na yai nyumbani, ndizi na kipande cha mkate anavipakia na kuvila saa 1:50 au 2:00 akishafika. Mgawanyo huo huo unamfaa yule ambaye wasiwasi humfunga koo asubuhi. Asijilazimishe kumaliza sahani. Ale nusu, nusu ibaki kwenye mfuko.

Usile kitu kipya siku hiyo, hata kama kimesifiwa. Chochote utakachokula kiwe kimeshaliwa asubuhi ya jaribio au ya siku mbili zilizopita, bila tumbo kulalamika.

Kafeini inafuata kanuni hiyo hiyo. Kama hunywi kahawa wala chai kali, usianzie leo: mapigo ya moyo yakienda mbio juu ya wasiwasi uliopo, mikono itatetemeka. Kama unakunywa kila siku, usiache leo pia, maana kichwa cha kukosa kafeini huanza kuuma saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Kunywa kikombe chako cha kawaida, kimoja.

Maji yanahitaji mpango zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kunywa glasi moja ya mililita 250 unapoamka na nyingine pamoja na chakula. Baada ya hapo ni mafunda tu. Anayekunywa nusu lita saa 2:15 kwa kuogopa kiu atatafuta ruhusa ya kwenda msalani saa 3:20, wakati akili ndiyo kwanza imetulia kwenye kazi. Nenda msalani saa 2:20, hata kama huhisi kubanwa.

Hatua ya sita: kupasha akili moto, dakika 20

Lengo hapa si kujifunza. Ni kuufanya mkono na kumbukumbu vianze kazi kabla ya dakika zenye alama. Fanya nyumbani, mezani, kwa kalamu, ingawa ungeweza kufanyia getini. Sababu ni moja: nyumbani ndiko mahali pekee unapoweza kuhakikisha kuwa dakika hizo zipo. Foleni ikila muda wa getini, umeshapasha.

Dakika nane za mwanzo, chukua karatasi tupu na uandike kutoka kichwani kanuni na maumbo unayoyatumia sana. Kwa Hisabati zinaweza kuwa kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili, uwiano wa pembe za digrii 30, 45 na 60, na eneo na ujazo wa maumbo matatu manne. Ukishamaliza, ndipo ufungue daftari na kulinganisha. Kilichokosekana kiandike mara moja, basi. Kusoma daftari kwa macho hakufanyi kazi hii, kwa sababu macho yanaitambua kanuni iliyo mbele yake hata kama kichwa hakiwezi kuileta chenyewe.

Dakika kumi zinazofuata, fanya maswali matatu uliyowahi kuyapata, ya kiwango cha chini hadi cha kati, kila moja kwa hatua zote kama utakavyoandika ukumbini. Yachague jana yake na uyafunge kwa klipu; ukianza kuyatafuta asubuhi utavutwa na lile ambalo hujawahi kuliweza. Swali jipya gumu lisiguswe. Ukilikwama saa 12:25, huna muda wa kulielewa, na utaondoka nyumbani ukiwa na shimo kichwani ambalo huenda hata halimo kwenye karatasi.

Dakika mbili za mwisho ni za pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa polepole ukihesabu hadi sita, mabega yameshuka. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta huyapunguza kasi mapigo ya moyo. Wengi huambiwa "vuta pumzi kwa nguvu" na wakavuta kwa nguvu na haraka, kisha wakahisi kizunguzungu na vidole kuchezacheza. Hapo wamepoteza hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na wanadhani wasiwasi umezidi. Ikikutokea, punguza kasi, usiongeze nguvu.

Kwa mwenye wasiwasi mzito kuna jambo la ziada. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha katika jarida la Science majaribio ambamo wanafunzi walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko ambao hawakufanya hivyo. Majaribio ya baadaye hayakupata matokeo hayo kila mara, kwa hiyo usilichukue kama dawa ya uhakika. Lijaribu kwanza kwenye mtihani wa majaribio. Likikupa nafuu, liongezee dakika zake kwenye hesabu ya kurudi nyuma, yaani kengele ilie saa 11:20. Likikuzidishia mawazo, liache.

Getini na kwenye kiti

Ukifika, hakikisha kwanza kwenye ubao wa matangazo kwamba chumba hakijabadilishwa. Kisha kula kile kipande kilichobaki na usimame mbali kidogo na kundi. Mbele ya ukumbi kila mara kuna mazungumzo ya "eti mada fulani itatoka". Mtu mmoja akitaja kitu usichokumbuka, utaingia ndani ukikitafuta. Kumwambia rafiki yako jana yake kwamba mtasalimiana baada ya mtihani si ukosefu wa adabu, naye huenda anatamani hivyo hivyo.

Ukishakaa, tikisa meza. Kama inacheza, mwite msimamizi sasa, si saa 3:10. Panga kalamu upande wa mkono unaoandikia, jaribu sin 30, weka saa mbele yako. Ruhusa ya kuandika ikitolewa, jaza jina na namba ya mtihani, soma maelekezo yote, kisha tumia nusu dakika kuandika kwenye ukurasa wa kazi za pembeni zile kanuni mbili tatu zilizokusumbua asubuhi.

Na ikiwa pamoja na yote hayo umefika saa 3:08, usikimbie mpaka kwenye kiti. Tembea hatua ishirini za mwisho, mwonyeshe msimamizi kadi na kitambulisho vikiwa tayari mkononi, muulize kama muda wako utaisha saa 6:00 kama wa wengine, na andika saa hiyo juu ya ukurasa wa kazi za pembeni. Soma maelekezo kama ambavyo ungeyasoma ungefika mapema, kwa maana anayechelewa dakika nane na kuyaruka ndiye anayejibu maswali sita penye kuhitajika manne. Kisha anza na swali linalofanana zaidi na yale matatu ya asubuhi, lolote lile namba yake.